Kusahihisha kapsheni bila kumnyang'anya mtu mdomo wake

Mdogo wangu anauza raba za mtumba pale Karume, Ilala. Kila anapofungua belo anapiga picha, anaandika maneno yake, halafu kabla ya kuposti ananirushia WhatsApp: "Kaka, nisahihishie fasta." Hapo ndipo kazi inapoanza, maana kusahihisha barua ya kuomba kazi ni jambo jepesi ukilinganisha na kapsheni ya raba. Barua haina utani. Kapsheni yake ndiyo duka lenyewe, na wateja wanamfuata kwa sababu anaandika vile anavyopiga kelele mbele ya meza yake.

Nitaonyesha ninavyofanya kwa kutumia kapsheni yake moja, kuanzia ilivyonifikia hadi ilivyopanda Insta. Hii hapa, sijaigusa:

> oyaa wanangu wa kitaa mzigo mpya ushaingia leo tume fungua belo asubui na mapema raba ni kali kinyama yani ukivaa ata eksi wako ana rudi mwenyewe bila kuitwa 😂 bei misimbazi mbili tu wa jangwani mtuvumilie 😂 vyote orijino avijavaliwa sana ukinunua kwetu utajutia. mahari popote ulipo tunakuletea ila nauli juu yako mimi sio mjomba wako 😂😂 njoo mjionee wahi kabla aijaisha saizi 38 adi 44

Mtu aliyezoea kusahihisha insha ataona kama makosa ishirini hapo, na ataanza na "oyaa". Mimi naona kama kumi na mbili, na mawili kati ya hayo ni ya hatari. Yaliyobaki si makosa.

Kwanza sikiliza, kalamu baadaye

Kabla sijagusa neno, namwambia aisome mwenyewe kwa sauti anitumie voisi noti. Inachukua sekunde thelathini, na inanipa vitu viwili ambavyo maandishi hayana. Cha kwanza ni pumzi. Mtu anapoandika haraka haweki mkato wala nukta, lakini anaposoma anapumua, na pale anapopumua ndipo alama inapokaa. Cha pili ni mahali utani unapolipuka. Kwenye sauti yake alisema "hata eksi wako anarudi mwenyewe", akanyamaza kidogo, ndipo akamalizia "bila kuitwa". Kile kimya kidogo ndicho kichekesho. Ukimwekea sentensi safi isiyo na kituo mahali pale, maneno yatabaki yaleyale na hakuna atakayecheka.

Halafu nafungua ukurasa wake na kusoma kapsheni zake kama kumi za nyuma. Natafuta maneno yanayorudi. Nikiona "kinyama" kwenye kapsheni nne, najua hilo ni lake, silibadilishi kuwa "sana". Nikiona ameandika "hata" sawasawa mara tatu na "ata" mara moja, najua ile "ata" ni kidole kilichoteleza. Neno analoliandika hivyohivyo kila siku ni hiari yake. Linaloyumbayumba ni ajali. Kipimo hiki kinanisaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi, kwa sababu kitabu hakimjui mdogo wangu.

Ukiwa unamsaidia mtu usiyemjua vizuri, hatua hii usiiruke. Niliwahi kuiruka. Rafiki yangu wa Nairobi ana kibanda cha nyama choma, akanitumia kapsheni yenye "hapa kwetu watu hukuja wakikonda na wanaendanga wakiwa wameshiba". Mimi Mswahili wa Dar nikaona "wanaendanga" nikaikata, nikaandika "huondoka wakiwa wameshiba". Nikaona "tuko na mutura" nikaweka "tuna mutura". Aliposti asubuhi. Mpaka jioni chini ya ile posti mtu wa kwanza ameuliza kama ameajiri mwalimu wa Kiswahili, wa pili anauliza akaunti imeibiwa, na wa tatu anamwambia aache kuwaongelesha kama taarifa ya habari. Hakuna aliyetaja nyama.

Kosa lilikuwa langu. Hiyo "-nga" ya mwisho ina kazi yake: inaonyesha jambo la kila siku, kama "hu-" inavyofanya kwenye Kiswahili cha shuleni, na kiambishi cha namna hiyo kimo katika lugha kadhaa za Kibantu. Mtu wa Nairobi anayesema "naendanga" anajua tofauti yake na "naenda", na hawezi kuiweka mahali isipotakiwa. Ina kanuni, ila kanuni yenyewe si ile niliyofundishwa mimi. Na "tuko na" ndivyo watu wake wanavyosema. Mtanzania akiifuta anakuwa ameihamisha kapsheni nzima kutoka Kenya kuileta Bongo bila ruhusa ya mwenyewe. Ni vilevile Mkenya akimbadilishia mtu wa Unguja "mie" kuwa "mimi".

Pili, tafuta neno lililogeuza maana

Sasa rudi kwa raba. Soma tena ile sentensi: "ukinunua kwetu utajutia." Mdogo wangu amewaambia wateja wake hadharani kwamba wakinunua kwake watajuta.

Alichotaka ni "hutajutia". Herufi moja tu, lakini ndiyo iliyobeba ukanushi wote. Watu wengi tunapoongea haraka tunaimeza "h", na anayesikiliza anatuelewa kwa sababu uso na sauti vinasaidia. Kwenye maandishi hakuna uso. Ubaya zaidi ni kwamba simu haitakuonya, maana "utajutia" ni neno halali kabisa. "Asubui" utaishtukia kwa jicho, kwa kuwa halipo. "Utajutia" lipo, linapita kimya kimya kama abiria asiye na nauli.

Kwa hiyo natafuta kila kitenzi cha "wewe" na kujiuliza: huyu anakubali au anakataa? "Ujachelewa" ilitakiwa kuwa "hujachelewa". "Uwezi kukosa" ni "huwezi kukosa". "Utapata kwingine" ni neno la kutisha kwa mfanyabiashara aliyetaka kusema "hutapata kwingine", kwa sababu limemwelekeza mteja kwa jirani. Na kinyume chake kipo pia: mtu anayejua kwamba huwa anameza "h" huanza kuipachika hata isipohusika, akaandika "hupo wapi?" badala ya "upo wapi?", au "hacha" badala ya "acha". Ukiona mtu anafanya moja, tafuta na ya pili.

Hatari nyingine kwenye kapsheni hii ni "mahari popote ulipo tunakuletea". Mahari ni ile ng'ombe, fedha na kanga zinazopelekwa ukweni. Alikusudia "mahali". "R" na "l" zinawachanganya wengi ambao lugha zao za nyumbani hazizitenganishi, na mara nyingi hakuna madhara, mtu akiandika "rakini" unamwelewa na kuendelea. Ila kuna jozi chache ambazo zote mbili ni maneno halisi: mahali na mahari, kula na kura, hali na hari. Hizo ndizo ninazozisaka. Kundi lingine la namna hiyo ni "th" na "s": mtu akiandika "raba za samani" badala ya "thamani", ametangaza viatu vya makabati na makochi.

Haya ndiyo makosa ninayosahihisha bila kumuuliza mtu. Hakuna anayetaka kwa hiari yake kuwaambia wateja watajuta.

Tatu, unganisha kilichokatwa

"Tume fungua belo." Ukilisoma jinsi lilivyoandikwa, kuna tume imeundwa, labda na serikali, na imefungua belo Karume.

Kukata kitenzi katikati ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye kapsheni za Kiswahili, na sehemu ya lawama ni ya simu. Kibodi iliyowekwa Kiingereza haijui neno refu kama "tumefungua", kwa hiyo inalipigia mstari mwekundu, na mwandishi anajaribu kulipunguza mpaka mstari upotee. Kibodi hiyohiyo ndiyo inayokugeuzia "kama" kuwa "karma". Kama unatumia Gboard, ingia kwenye mipangilio yake ya lugha uongeze Kiswahili. Haitakujua misimu yako, "kinyama" inaweza kuipa tafsiri yake yenyewe, lakini angalau itaacha kukukatakata vitenzi.

Kipimo ni hiki: kipande cha mbele kinaweza kusimama peke yake na maana uliyoikusudia? "Tume", "ana", "nime", "wali", "ina" vikiwa mbele ya kitenzi haviwezi, vimeshikamana nacho kama kichwa na shingo. Kwa hiyo "tumefungua", "anarudi". Unapounganisha hubadilishi sauti ya mtu hata chembe, kwa kuwa mdomoni alitamka neno moja. Ndiyo maana hatua hii naifanya kwa raha: ni marekebisho ya macho tu, sikio halijui kama kuna kilichotokea.

Hapohapo narudisha "h" zilizobaki ambazo hazikugeuza maana, yaani hata, asubuhi, hadi. Na "yani" inakuwa "yaani", kwa sababu kwenye voisi noti aliivuta kabisa. Kuna watu huandika "yan" au "yn" makusudi, kama sisi wa zamani wa "xaxa" na "cjui" kwenye meseji. Huyo simgusi. Mdogo wangu si wa kundi hilo.

Nne, upatanisho, lakini kwa kiasi

Hapa ndipo wasahihishaji wengi wanapopotea, kwa sababu ngeli ndiyo kitu tulichopigiwa viboko shuleni, na mkono unawasha kulipiza.

Angalia kapsheni ilivyotembea. Imeanza na "mzigo ushaingia", ikaja "raba ni kali", kisha "vyote orijino, avijavaliwa", mwishoni "kabla aijaisha". Hapo katikati raba zimegeuka "vyote" kwa sababu kichwani alikuwa anafikiria viatu. Mbele ya meza hilo halimsumbui mtu, ameshika kiatu mkononi. Kwenye kapsheni msomaji anapita juu ya neno "raba", anafika "vyote", na kwa nukta ya sekunde anatafuta vitu gani hivyo. Natengeneza "zote orijino, hazijavaliwa sana". Na "aijaisha" ni nini ambacho hakijaisha? Nilimuuliza, akasema mzigo. Basi "kabla mzigo haujaisha". Nimeongeza neno moja ambalo hakuliandika, lakini alilitumia mwenyewe mstari wa kwanza.

"Njoo mjionee" nayo ina mgongano: "njoo" anaitwa mmoja, "mjionee" ni wengi. Kuna njia mbili, "njooni mjionee" au "njoo ujionee". Nilichagua ya pili kwa sababu kapsheni yote, ukiacha salamu na ule utani wa Jangwani, inaongea na mtu mmoja: ukivaa, ukinunua, ulipo, nauli juu yako. Salamu ya "wanangu" kwa wengi halafu kuhamia kwa mmoja si kosa. Hivyo ndivyo muuzaji anavyofanya, anaita umati kisha anamkazia macho yule aliyesimama.

Sasa misimbazi. Noti ya elfu kumi mtaani inaitwa msimbazi kwa sababu ya wekundu wake, na Wekundu wa Msimbazi ni Simba. Watani wao Yanga ndio wa Jangwani. Kwa hiyo "bei misimbazi miwili tu, wa Jangwani mtuvumilie" ni bei na mzaha wa watani wa jadi ndani ya pumzi moja. Msahihishaji makini akibadilisha kuwa "shilingi 20,000 tu" atakuwa ameandika Kiswahili kizuri na kuua mstari bora kuliko yote, na "wa Jangwani mtuvumilie" utaning'inia pale bila sababu.

Lakini aliandika "misimbazi mbili". Nirekebishe? Nilifikiri kidogo. Neno la mtaani lina ngeli yake kama neno lingine: msimbazi, misimbazi, inakwenda kama mti na miti, kwa hiyo miwili. Nikarudia voisi noti. Alisema "miwili". Vidole ndivyo vilivyoandika "mbili". Hilo likanimalizia mjadala. Angetamka "mbili" ningeiacha.

Hiyo ndiyo sheria yangu pekee kwenye upatanisho: nasahihisha pale msomaji anapojikwaa, au pale mdomo wake mwenyewe ulipotamka sawa. Zaidi ya hapo naacha. "Ushaingia" nimeiacha, siirefushi kuwa "umeshaingia". "Sio mjomba wako" nimeiacha, ingawa wako watakaodai "si mjomba wako". Jaribu kuisema hiyo ya pili kwa sauti ya mtu wa Karume uone inavyogeuka kuwa hotuba. BAKITA tangu mwaka 1967 lina kazi yake ya kulinda Kiswahili sanifu, nami nalitegemea nikiandika mkataba. Hapa tunauza raba.

Tano, alama, na mahali pa kuweka kicheko

Kwenye alama nina mkono mwepesi. Natumia mkato, nukta, alama moja ya mshangao mwanzoni, na kwenye ule utani wa eksi natumia nukta tatu kwa ajili ya kile kimya. Nukta tatu mara moja tu. Ukiweka kila mstari, msomaji anazizoea na hazimsimamishi tena.

Emoji naiacha pale alipoiweka, mwishoni mwa utani. Ukiipeleka mbele, umecheka kabla ya kusimulia. Wala siweki nukta baada yake, yenyewe inatosha kufunga sentensi.

Kisha nakata aya. Alileta tofali moja, nami nimelikata vipande vitano, kila kipande na jambo lake. Insta huonyesha mwanzo tu wa kapsheni, sehemu nyingine inafichwa nyuma ya `more`, kwa hiyo natazama nini kinabaki juu. Hapa kulikuwa na bahati: salamu na habari ya mzigo vipo mwanzoni tayari. Ingekuwa saizi ndiyo iko juu na utani chini, ningevigeuza, lakini ningemwambia. Kuhamisha sentensi ni jambo kubwa kuliko kusahihisha herufi.

Kitu kimoja niliongeza chini kabisa: bei kwa tarakimu. Mtu wa Mombasa au wa Muscat anayemfuata anaweza asijue msimbazi ni kiasi gani. Ningeweza kueleza palepale kwenye utani, lakini utani unaoelezwa hauchekeshi. Nikaiweka kwenye mstari wa saizi, ambao ni wa taarifa tu na hauna cha kuharibika. Lakini hilo la kuongeza lazima mwenyewe akubali, kwa sababu kuna wauzaji wanaoficha bei kwa makusudi ili uje inboksi.

Matokeo:

> Oyaa wanangu wa kitaa, mzigo mpya ushaingia! Leo tumefungua belo asubuhi na mapema, raba ni kali kinyama. Yaani ukivaa, hata eksi wako anarudi mwenyewe… bila kuitwa 😂
>
> Bei misimbazi miwili tu, wa Jangwani mtuvumilie 😂
>
> Zote orijino, hazijavaliwa sana. Ukinunua kwetu hutajutia.
>
> Mahali popote ulipo tunakuletea, ila nauli juu yako, mimi sio mjomba wako 😂😂
>
> Njoo ujionee, wahi kabla mzigo haujaisha. Saizi 38 hadi 44. Bei 20,000.

Hesabu maneno yaliyobadilika. Utani wote upo, misimu yote ipo, na mpangilio ni uleule isipokuwa kile kipande cha bei. Kuna toleo jingine ambalo nililiandika siku moja kwa kujifurahisha: "Habari wapendwa wateja, tunapenda kuwataarifu kuwa bidhaa mpya zimewasili." Halina kosa hata moja, na hakuna raba hata moja ingetoka kwa maneno hayo.

Sita, mrudishie mwenyewe

Siposti mimi. Namrudishia WhatsApp, na maneno niliyogusa nimeyazungushia nyota, `*hutajutia*`, ili yaonekane yamekolea na aone kwa haraka kilichobadilika. Halafu namwomba aisome tena kwa sauti. Akisoma akiteleza bila kukwama, tumemaliza. Akikwama mahali, akalisema neno tofauti na nilivyoandika, basi nilichoandika hakikuwa chake, na alichosema ndicho kinachokaa.

Mara nyingi jibu lake ni: "Sasa kaka mbona hujabadilisha kitu?" Hapo najua imekaa sawa. Siku anaposema "duh, umeandika vizuri" ndiyo siku ninayopata wasiwasi, narudi kuangalia nimemharibia wapi.

Kabla hajabonyeza kuna vitu viwili vya kukagua ambavyo si sarufi. Namba ya simu na alama za reli, kwa sababu hizo hazina kosa dogo. Alama ya reli ikibadilishwa herufi moja inakwenda kundi lingine kabisa, kwa hiyo hata kama imeandikwa vibaya, kama ndivyo anavyoitumia siku zote na posti zake zote ziko hapo, iache. Na kingine ni maandishi yaliyo juu ya picha yenyewe. Kapsheni ya Insta ukigundua kosa baadaye unagonga nukta tatu, unachagua `Edit`, umemaliza. Neno lililochomwa kwenye picha halisogei. Itabidi ufute posti, na komenti na laiki zilizokwishaingia ziende nazo.

Ndiyo maana siku ile nilifungua na picha. Raba sita zimepangwa juu ya kiroba, na juu yake kwa herufi nyekundu kubwa: KALIBUNI MJINI. Nikamwandikia haraka kwamba "karibuni" ina "r", abadilishe kabla hajaposti.

Akajibu: "Hiyo iache kaka. Wateja wangu ndio wanavyonitania mimi."

Nikarudi kwenye zile kapsheni zake kumi. Ilikuwemo kwenye picha saba.